Ukienda kuchunga ngamia Omani au Saudia: mwongozo wa korona ya ngamia kwa watu wa Lindi na Mtwara

Kuanzia Kilwa mpaka Msimbati hutamkuta mtu anayeishi kwa kufuga ngamia. Huku kwetu kuna unyevu na mbung'o, na ngamia wachache wa Tanzania wako kaskazini. Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja barazani jioni, siku mbili kabla ya kupanda basi la Dar, swali lake lilikuwa la mtu ambaye ngamia amemwona kwenye picha tu.

"Mjomba, shikamoo. Eti ngamia wanauma?"

Nikamwambia wanauma, tena vibaya, na teke lao si la mchezo. Lakini mimi ni tabibu, nimekaa na wagonjwa Lindi miaka mingi, na kilichonitia wasiwasi hakikuwa meno. Alikuwa amepata kazi Omani, kwenye zizi la ngamia wa maziwa, na hakuna aliyemweleza kitu kuhusu korona ya ngamia, ugonjwa ambao kwenye fomu za hospitali utauona umeandikwa MERS-CoV. Niliyomweleza usiku ule nimeyaandika hapa kwa urefu zaidi. Vijana wetu wanaokwenda kwenye kazi hizo wanaongezeka, na mahujaji nao hupelekwa kutazama ngamia wakapiga nao picha.

Ugonjwa wenyewe

Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mwanamume wa miaka 60 aliyelazwa Jidda, Saudia, mwezi Juni 2012. Aliingia na homa, kikohozi na nimonia. Baadaye figo zikafeli, na siku ya 11 wodini akafariki. Katika makohozi yake ndimo kilimopatikana kirusi hiki kipya, ndugu wa kile cha Uviko lakini si kilekile. Tangu mwaka huo wamethibitishwa wagonjwa zaidi ya 2,600 katika nchi 27, wengi wao Saudia, na katika kila 100 waliothibitishwa wamekufa kama 36. Hesabu hiyo ni ya wale waliopimwa. Walioumwa kidogo wakapona kimya kimya hawamo.

Kwa nini mapafu na figo? Kirusi kinahitaji mlango wa kuingilia kwenye chembe za mwili, na mlango wa hiki, kwa binadamu, uko kwa wingi ndani kabisa ya mapafu, na upo pia kwenye figo. Kwa ngamia mlango huo uko puani. Ndiyo maana ngamia anapata mafua tu, pengine hata mafua usiyaone, na binadamu anapata nimonia. Figo nazo hupigwa zaidi pale damu inapokosa oksijeni na presha inaposhuka. Mtu ambaye figo zake zilikuwa zimechoka tangu mwanzo hana akiba ya kuhimili hayo.

Ngamia wa Kenya, Somalia, Ethiopia na Sudan nao wanabeba kirusi hiki. Damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu mwaka 1983 ilipopimwa miaka ya karibuni ilikutwa na alama zake, maana yake kilikuwepo kabla hakijapewa jina. Huko Marsabit, Kenya, wachungaji watatu walikutwa nacho bila kuumwa sana. Aina inayozunguka Afrika inaonekana kuwa dhaifu kuliko ya Uarabuni. Hilo ni la kushukuru, ila anayekwenda Omani au Saudia anakwenda kukutana na ile ya Uarabuni.

Kabla ya kusaini mkataba

Pima sukari na presha, na uombe kipimo cha damu cha figo, kile cha kreatini. Daktari wa wakala atakupima Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu kwa sababu ndivyo vinavyotakiwa kwenye viza, na ukitoka hapo utajiona mzima kabisa. Sukari yako huenda hakuna aliyeigusa.

Nasisitiza sukari kwa sababu wagonjwa wengi waliozidiwa na kufa walikuwa na kisukari, ugonjwa wa figo, wa moyo au wa mapafu wa siku nyingi. Shirika la Afya Duniani linawaambia watu wa namna hiyo, pamoja na wanaotumia dawa za kushusha kinga, wakae mbali na ngamia kabisa. Kwa hiyo mwenye kisukari nitamwambia wazi: omba kazi ya bustani, ya udereva, ya duka, lakini zizi liache. Najua kuna waliokwisha kulipa pesa za wakala na wananikasirikia nikisema hivi. Wakasirike tu.

Chanjo usiiulize, haipo iliyoidhinishwa kwa watu. Ya Uviko uliyochomwa si ya ugonjwa huu.

Zizini: pua ya ndama

Ukikumbuka kitu kimoja katika maandishi haya, kiwe pua ya ndama. Ngamia mzima kwa kawaida alishaugua utotoni na ana kinga, ingawa anaweza kuambukizwa tena. Ndama ndiye anayekitoa kirusi kwa wingi, hasa akishafikisha miezi kadhaa na kinga aliyoipata kwa mama yake ikaanza kuisha. Kamasi zake zimejaa kirusi. Na ndama ni mtoto kama watoto wengine: anakufuata, anakusukuma kwa mdomo, anakupigia chafya usoni, anafuta pua kwenye bega la shati lako.

Kuna kisa cha Saudia cha Novemba 2013 ambacho mpwa wangu nilimsimulia mara mbili. Mtu wa miaka 44 alikuwa na ngamia tisa, na wanne kati yao walikuwa na mafua. Yeye na rafiki zake walikuwa wakienda zizini kila siku. Siku saba hivi kabla hajaanza kuumwa, yeye peke yake alimpaka dawa ngamia mmoja puani kwa mkono. Rafiki zake hawakuugua. Yeye alilazwa, akafa, na kirusi kilichotolewa puani mwake kikalingana na cha yule ngamia. Walikuwa kwenye vumbi lilelile na harufu ileile, na kilichomtofautisha mmoja ni kidole kwenye kamasi.

Kazi ya zizi ukiipanga kwa kumfikiria ndama, itakuwa hivi. Kuwa na nguo za zizini na viatu vya mpira ambavyo haviingii chumbani mnakolala. Vivue mlangoni, vitundike nje juani, na vifuliwe kwa sabuni peke yake bila kuchanganywa na nguo nyingine. Anza na ngamia wakubwa, malizia na ndama na wale wenye mafua, ili usitoke kwenye kamasi ukaenda kwenye chuchu za wengine. Kazi yoyote ya kichwani, yaani kufunga kamba ya mdomo, kunywesha dawa, kusafisha pua au kumshika kichwa achomwe sindano, ifanye ukiwa na glovu, barakoa na miwani. Simama ubavuni kwake, usikae mbele ya pua. Mwenzako anapomzalisha ngamia na wewe ukamsaidia, vaa hivyohivyo.

Miwani watu wanaidharau. Jicho nalo ni njia ya kuingilia, na mkono wenye kamasi unaofuta jasho usoni kwenye joto la Omani unafika jichoni mara nyingi kuliko unavyodhani. Hapo ndipo wengi wanapokosea: glovu anavaa, halafu anajikuna pua kwa glovu ileile, au anapokea simu. Ukivua glovu nawa kwa sabuni na maji mpaka kwenye viwiko, kisha ndiyo ushike simu au sigara. Sigara kwa kweli ningeomba uiache. Wavutaji walionekana kuambukizwa zaidi, na mkono unakwenda mdomoni kila saa.

Vyombo vya plastiki na chuma vinaweza kubaki na kirusi kilicho hai hadi saa 48 mahali penye ubaridi wa nyuzi 20 hivi. Juani kinakufa mapema. Ndoo, hatamu na mipini ioshwe kwanza kwa sabuni ili kamasi itoke, kisha ndiyo ipakwe dawa ya klorini. Kwa Jik ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kinatosha kabisa hata kwa uchafu mzito, kisha uache dakika kumi. Soma asilimia kwenye chupa, maana za huko si lazima zilingane na zetu. Ukimwaga klorini juu ya kamasi na kinyesi bila kuosha, uchafu unaila na umefanya kazi bure.

Usimsubiri ngamia aonekane mgonjwa ndipo uvae glovu. Wengi wanaotoa kirusi hawana dalili yoyote.

Maziwa

Hapa adabu inagongana na afya. Mwenye zizi anakamua, anakuletea bakuli lenye povu, la moto wa titi, na kulikataa ni kama kukataa chai ya mama mkwe. Lakini angalia maziwa yanavyokamuliwa. Ngamia hashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Ndama anasogezwa, ananyonya kidogo, ameshapaka mate na kamasi kwenye chuchu, anavutwa pembeni, na mkamuaji anaendelea palepale. Hata kama titi lenyewe ni salama, pua ya ndama imeshapita.

Maziwa mabichi yaliyowekwa kwenye friji ya nyuzi 4 yalikutwa na kirusi kilicho hai hata baada ya saa 72, kwa hiyo friji haisaidii. Moto unasaidia: nyuzi 63 kwa nusu saa kinakwisha, na ukiyaacha yachemke mpaka yapande umemaliza kazi haraka zaidi. Maziwa ya kugandisha yaliyotokana na mabichi yahesabu kuwa mabichi.

Namna ya kukwepa bakuli niliyomfundisha mpwa wangu ni kuomba chai ya maziwa. "Tumbo langu la pwani, mzee, halijazoea, niwekee kwenye chai." Hakuna Mwarabu atakayenuna kwa hilo, na Omani wapo wengi wanaojua Kiswahili watacheka na wewe. Mkojo wa ngamia, unaonywewa na baadhi ya watu kama dawa, usinywe. Nyama iliyoiva vizuri haina neno, ila anayechinja na kuchuna afuate yaleyale ya glovu na kunawa, hasa kichwani na kwenye koo.

Ukianza kuumwa

Dalili huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, kwa wengi kama siku ya tano. Homa, baridi, mwili kuuma, kikohozi. Wengine huanza na kuhara na kutapika, na hapo wanadhani ni chakula. Kinachotisha ni kupumua kubana siku chache baadaye: huwezi kumaliza sentensi bila kupumzika, au unapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika umekaa tu.

Homa itulize kwa paracetamol. Diklofenaki na ibuprofeni ziache, najua kila mkoba wa safari kutoka kwetu una kidonge cha diklofenaki. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na hizi ni figo ambazo huenda zinakaribia kupigwa. Angalia pia mkojo. Mtu mzima ambaye mkojo wa siku nzima haujai nusu ya chupa ya lita moja, au umekuwa kama chai ya rangi, au miguu na uso vinavimba, figo zake zinalalamika na hana muda wa kusubiri kesho.

Huko ugenini mwambie mwajiri wako kwa maneno haya: nina homa na kifua, na ninafanya kazi na ngamia. Hospitali za Omani na Saudia zinaujua ugonjwa huu na zina vipimo. Kujificha chumbani na wenzako sita ndiyo njia ya kuwapa wote.

Ukirudi: hesabu siku 14

Hesabu kuanzia siku ya mwisho uliyoshika ngamia. Usihesabu kuanzia siku ya kutua Dar. Kama huna dalili, salimia watu, kula na wanao, hakuna anayepaswa kukutenga. Andika tu tarehe ukutani. Homa na kikohozi vikitokea ndani ya siku hizo, vaa barakoa, lala chumba chako, na nenda ukapimwe. Kabla ya kwenda piga 199, laini ya bure ya Wizara ya Afya, au mtume mtu atangulie kituoni ili wakuandalie pa kukaa usipite kwenye benchi la kina mama na watoto.

Sasa niwape mfano wa kilichotokea kwetu. Kijana mmoja wa upande wa Mingoyo alirudi wakati wa msimu wa korosho, baada ya miezi 14 Omani. Siku ya tisa nyumbani akashikwa na homa. Alienda kituo kimoja, akasema "homa", akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa sindano na diklofenaki akarudi. Siku ya tatu kikohozi. Kituo cha pili akapimwa Uviko kwa kile kipimo cha haraka, hakuna, akaambiwa ni mafua. Katika vituo vyote viwili alikaa foleni zaidi ya saa moja, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Yeye naye hakusema. Kwake ngamia ilikuwa ni kazi tu, haikumjia kwamba ni habari ya kumpa daktari.

Alipofika kwangu shangazi yake ndiye aliyelitaja, tena kwa kulalamika: "Huyu ngamia zake zimemmaliza." Kidole kwenye kipimo cha oksijeni kilisoma 91, inayotakiwa ni 94 kwenda juu. Nikamvisha barakoa palepale, nikamtoa nje chini ya mwembe, nikaenda kuvaa yangu.

Nilimuuliza maswali manne, na ndiyo ambayo ningependa kila tabibu na muuguzi wa zahanati ayabandike mezani. Umetoka nchi gani na lini? Ulishika ngamia au ulikunywa maziwa yake mabichi, mara ya mwisho lini? Ulilazwa au ulitembelea mgonjwa hospitalini huko? Nani amekuwa nawe chumba kimoja tangu uanze kuumwa? Mara ya mwisho kumfunga ngamia kamba ilikuwa siku moja kabla ya ndege. Siku ya tisa ilikuwa ndani ya muda.

Baada ya hapo kazi inakwenda hivi. Mgonjwa chumba chenye madirisha wazi, mlango umefungwa. Mhudumu mmoja, barakoa, miwani, gauni, glovu. Mashine ya mvuke ya kufungua kifua usiiwashe, inarusha kirusi hewani. Oksijeni mpe. Antibayotiki za nimonia anza, kwa sababu huwezi kujua kwa macho na wengi wa namna hii wana nimonia ya kawaida. Dripu toa kwa kiasi ikiwa presha iko sawa. Kumjaza maji mtu mwenye nimonia hii ni kumzamisha. Mpigie mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo, usisubiri fomu ya wiki.

Sampuli ndipo wengi wanapoharibu. Kijiti cha puani peke yake kinaweza kusema hakuna wakati kirusi kiko chini mapafuni. Yanatakiwa makohozi ya kutoka kifuani, mgonjwa akohoe nje, mbali na watu, kwenye kopo lenye kifuniko. Sampuli ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, isafirishwe kwa barafu kwenda maabara ya taifa kupitia mkoa, ikiwa imefungwa tabaka tatu. Na fomu iandikwe "ngamia" wazi, maana maabara haitatafuta kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Kipimo cha Uviko hakikioni kirusi hiki hata kidogo.

Yule kijana tulimpeleka hospitali ya mkoa ya Sokoine kwa gari tulilofungua madirisha yote, baada ya kuwapigia wampokee mlango wa pembeni. Damu ya kreatini ilipimwa kila siku, na hilo ndilo niliwaomba zaidi, kwa kuwa kupanda kwake kunatangulia uvimbe, na mgonjwa wa kusafishwa damu anatakiwa ahamishwe mapema kabla hajalegea. Majibu ya kwanza yalikuja hakuna. Wakarudia makohozi baada ya siku mbili, kwa sababu jibu moja kwa mgonjwa mwenye historia hii halitoshi. La pili pia hakuna. Ilikuwa nimonia ya bakteria, akapona kwa antibayotiki.

Kuna walioniambia nilikuza mambo. Nawakumbusha Korea Kusini, mwaka 2015. Msafiri mmoja wa miaka 68 alirudi kutoka nchi za Ghuba tarehe 4 Mei, akaanza kuumwa tarehe 11, akazunguka kliniki na hospitali kadhaa mpaka tarehe 20 ndipo ikajulikana ana nini. Kutokana na huyo mmoja waliugua watu 186, yeye akiwemo, na wakafa 38, karibu wote wakiambukizwa ndani ya hospitali: wagonjwa wengine, ndugu waliokuja kuwaangalia, wauguzi. Kule nje mtaani kirusi hakikuenea. Kinapenda wodi iliyobanana, yenye ndugu wanne kwenye kitanda kimoja, na wodi hizo tunazo.

Mpwa wangu yuko Omani mwezi wa tano sasa. Juzi alinitumia picha: yuko ubavuni kwa ndama, barakoa amevaa, glovu amevaa, miwani ameisukuma juu kwenye paji la uso. Nimemjibu kwa neno moja: macho.